Kutoka Shamba la Mwanda hadi Jiko la Hoteli Voi: Jinsi ya Kumwomba Mtu Akuunganishe

Mkulima wa Mwanda anayevuna pilipili hoho huwa na wanunuzi wa aina mbili. Yuko dalali anayepanda na lori hadi shambani, anataja bei yake, anapakia na kushuka kuelekea soko la Kongowea, Mombasa. Halafu ziko hoteli za Voi na zile za watalii kando ya mbuga za Tsavo, ambazo zinataka mboga wiki baada ya wiki, na mara nyingi zina mtu mmoja tu aliyepewa kazi ya kuzinunua. Huyo ndiye mgumu kumfikia. Ukifika getini na gunia lako, askari atakuambia uache namba ya simu, na usitarajie sana kupigiwa. Njia nyepesi ni kupitia mtu anayewafahamu nyote wawili. Hapa nitakueleza namna ya kumwomba mtu huyo, ili kukubali kwake kuwe rahisi na kukataa kwake pia kusiwe na ugumu.

Swali la kwanza ni la nani wa kumwomba. Wengi wetu tunamfikiria kwanza ndugu au rafiki tunayeshinda naye. Kumbe watu hao wanajua wale wale unaowajua wewe. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala yaliyopata umaarufu kuhusu jambo hili. Alikuwa amezungumza na wanaume waliobadili kazi katika mji wa Newton, karibu na Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, ni kama 17 tu katika kila 100 waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na watu waliokuwa wakikutana nao mara moja moja, au kwa nadra sana.

Kwa hiyo usiishie kwa majirani wa Mwanda na Mgange. Mfikirie mwalimu aliyekufundisha na sasa anaishi Voi, fundi anayetengeneza friji za hoteli, dereva wa matatu anayewabeba wafanyakazi wa hoteli, au mtu mnayekutana naye kwenye mkutano wa mwaka wa Sacco. Sharti ni moja tu: awe mtu ambaye mnunuzi akiona simu yake ataipokea. Unaweza kulijua hilo kabla ya kuomba chochote. Muulize tu, "Mwalimu, bado mnaonana na yule mzee wa stoo ya hoteli?" Akikujibu kwamba walisalimiana Jumapili iliyopita, umepata mtu. Akijibu kwamba hajui hata kama bado yuko pale, mtakie heri na umtafute mwingine.

Sasa fikiria kile unachomwomba. Mwalimu akikuunganisha, anaweka jina lake mbele yako. Ukipeleka hoho zilizooza, mnunuzi atakukumbuka wewe kwa wiki moja na atamkumbuka Mwalimu kwa miaka. Pia hajui aseme nini juu yako: anajua una shamba, lakini hajui unavuna kilo ngapi wala lini. Na zaidi ya yote, anaona aibu kukunyima. Mambo haya matatu yakikutana, mtu husema "sawa, nitamwambia," kisha hamwambii. Usimkasirikie. Ombi lilikuwa zito, na hakupewa njia ya kulitua.

Ndiyo maana mahali pa kuombea pana uzito wake. Usiombe kwenye matanga, wala nje ya kanisa watu wakiwa wamewazunguka, wala mbele ya mume au mke wake. Mbele ya watu hawezi kusema hapana, na neno "ndiyo" la namna hiyo halina kazi. Kama ni mtu mzima kwako, nenda kwanza umsalimie kwake, umdokeze shida yako kwa kifupi, kisha umwambie, "Nitakutumia ujumbe, uusome kwa nafasi yako." Kama ni wa rika lako, ujumbe peke yake unatosha. Maandishi yanampa muda wa kufikiri bila wewe kumtazama usoni.

Utaandika jumbe mbili, na hapa ndipo penye kazi yote. Ujumbe wa kwanza ni wa Mwalimu mwenyewe. Wa pili umeandikwa kwa ajili ya mnunuzi, ili Mwalimu akikubali autume kama ulivyo, bila kutunga hata neno moja.

Tuchukue mfano. Una robo ekari ya hoho, na kila unapochuma unapata karibu kilo 60. Unataka kuonana na mnunuzi wa hoteli moja ya Voi ambaye husali kanisa moja na Mwalimu. Kwa Mwalimu unaandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Natafuta mnunuzi wa hoho wa kila wiki, na najua unafahamiana na mnunuzi wa hoteli. Ukiona inafaa, naomba kwanza umuulize kama yuko tayari kunisikiliza. Nimekuandikia ujumbe mfupi hapa chini unaoweza kumtumia. Huna haja ya kunidhamini, bidhaa ataipima mwenyewe. Na kama si wakati mzuri, au hupendi kuchanganya mambo ya kanisa na biashara, nitaelewa kabisa, Mwalimu wangu."

Tazama yaliyomo. Umesema unataka nini, na kwa nini umemwendea yeye. Hukuomba namba ya mnunuzi, umeomba aulizwe kwanza. Hili usilipuuze, kwa sababu namba ya mtu ni yake, na anayeigawa bila ruhusa huonekana amemvunjia heshima. Umemwondolea Mwalimu mzigo wa kudhamini, yaani kubeba lawama yako ukikosea. Na umemtajia sababu mbili za kukataa ambazo anaweza kuzichukua bila kujieleza.

Ujumbe wa pili, ule wa mnunuzi, utaanza na jina lako, kisha: "Mimi ni mkulima wa hoho, Mwanda. Nina kilo 40 kila Jumatatu na Alhamisi hadi Oktoba. Naomba dakika 10 nilete sampuli Jumanne." Basi. Usieleze historia ya familia wala shida ya karo.

Huenda ukauliza kwa nini kilo 40 wakati unachuma 60. Ni kwa sababu ya mvua, wadudu, na zile zinazotoka ndogo au zilizopinda. Ukiahidi 60 ukaleta 45, umemwaibisha Mwalimu. Ukiahidi 40 ukaleta 40 kila mara, baada ya mwezi mnunuzi mwenyewe atakuuliza kama una zaidi. Zile 20 zinazobaki, dalali bado yupo.

Kuhusu simu: kama Mwalimu anatumia kabambe, ujumbe wa pili usizidi herufi 160, ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Ukizidi hapo, mtandao huugawa na kumtoza kama ujumbe zaidi ya mmoja. Usiweke vikatuni vya nyuso, kwa kuwa kimoja tu kinashusha nafasi hiyo hadi herufi 70. Ujumbe wa mfano hapo juu unatosha hata ukiongeza jina lako. Kama mnatumia Watsapu, tuma jumbe hizo mbili kila mmoja peke yake, usiziunganishe, ili Mwalimu abonyeze ule wa pili tu na kuupeleka. Ukiziunganisha, atalazimika kukata na kupanga, na hapo ndipo wengi huahirisha.

Wakati nao ni muhimu. Watalii huja Tsavo kwa wingi kuanzia Julai hadi Oktoba, na tena Desemba. Msimu ukishaanza, mnunuzi hana nafasi ya kumsikiliza mtu mgeni. Omba kuunganishwa wiki sita au nane kabla, yaani Mei, wakati umeshaanza kuchuma na unaweza kutaja kilo bila kubahatisha. Kabla hujaomba, hakikisha una PIN ya KRA, ambayo ni namba yako ya kodi, kwani hoteli nyingi zitaiulizia ili zikulipe. Kuisajili kwenye iTax hakulipiwi. Uliza mapema pia kuhusu malipo, maana hoteli nyingi hulipa baada ya siku 30 na si papo hapo kama dalali. Kama huwezi kusubiri mwezi mzima bila pesa ya mbolea, bora ulijue hilo kabla ya kutumia jina la Mwalimu.

Je, akikaa kimya? Subiri wiki moja. Kisha mkumbushe mara moja tu: "Mwalimu, habari za siku. Kuhusu zile hoho, kama haikuwezekana hakuna neno, nataka tu kujua nisubiri au nitafute njia nyingine." Akinyamaza tena, hilo ni jibu. Usimpigie, usimtume mtu kumuuliza, na mkikutana msalimie kama zamani bila kuligusa jambo hilo. Utamhitaji tena kwa mengine.

Akikubali na mnunuzi akajibu, Mwalimu atoke katikati siku hiyo hiyo. Mambo ya bei, uzito na saa ya kufika yapange na mnunuzi moja kwa moja. Watu wengi huharibu hapa: gari likichelewa Mwatate wanampigia Mwalimu ili awaombee msamaha, na kufikia mwezi wa pili Mwalimu amegeuka karani wao. Jumanne peleka sampuli kilo mbili au tatu, ukubwa ule ule utakaoleta kila mara. Ukichagua zile nzuri kupita zote utajifunga, kwani ndizo mnunuzi atakazokupimia mzigo wa kwanza.

Jioni ya siku hiyo mpe Mwalimu matokeo, hata kama ni mabaya. "Ameonja, amesema bei yangu iko juu, lakini nirudi Agosti. Asante sana." Aliyepewa habari hii atakuunganisha tena. Aliyeachwa gizani hujifunza kutokuunganisha mtu. Usimtumie pesa kwa M-Pesa kama malipo ya kukutambulisha, na usimwahidi sehemu ya mauzo. Pesa ikiingia, neno lake mbele ya mnunuzi linakuwa la mtu anayelipwa. Kapu la mboga wakati wa mavuno ni adabu ya kawaida, na linatosha.

Kuna mahali ambapo njia hii haifai kutumiwa. Kama unataka kuuza kwa hospitali ya serikali, shule ya umma au ofisi ya kaunti, usitafute wa kukuunganisha na afisa wa ununuzi. Ununuzi huo unaongozwa na sheria ya mwaka 2015, na kuzungumza pembeni na afisa kunaweza kukuharibia ombi lako. Fuata tangazo la zabuni, yaani mwaliko wa wazi wa kuleta bei. Kama wewe ni kijana, mwanamke au mtu mwenye ulemavu na biashara yako imesajiliwa, jiandikishe kwenye mpango wa AGPO, unaotenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa makundi hayo. Cheti cha AGPO hakilipiwi, kwa hiyo mtu akikudai pesa ili akupatie, mkatalie.