Nguo ya Mtoto Mwenye Ualbino: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maagizo haya ni ya mzazi au mlezi wa mtoto mwenye ualbino, pamoja na fundi cherehani anayemshonea. Ngozi ya mtoto huyu haina melanini ya kutosha kumkinga, na saratani ya ngozi, ambayo kwa watu wenye ualbino hutokea zaidi kichwani na shingoni, inaweza kumpata akiwa bado kijana. Kwenye kipimo cha mionzi ya urujuanimno kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, alama 11 na kuendelea ni kali kupita kiasi, na sisi tunaoishi karibu na ikweta huifikia mara nyingi saa za mchana anga likiwa wazi. Losheni ya kujikinga na jua hufutika na huisha kwenye chupa. Nguo ndiyo kinga anayobaki nayo siku nzima, kwa hiyo ichaguliwe kwa ukali.

Usilipie kitambaa kabla hujakiinua kwenye mwanga.

Hili ni la kwanza, na ukilikosa, mengine yote hayatakusaidia. Kitambaa ni nyuzi na nafasi zilizo kati ya nyuzi. Uzi unaweza kuzuia mionzi yote, lakini tundu halizuii chochote. Chukua kitambaa ambacho matundu yake yote yakijumlishwa ni sehemu moja ya kumi ya eneo lake. Hata kama nyuzi zake ni nyeusi kama mkaa, mionzi inayopita kwenye matundu pekee ni asilimia 10. Hakuna rangi, sabuni wala dawa itakayofanya kitambaa hicho kizuie zaidi ya asilimia 90, na kwa mtoto huyu asilimia 90 haitoshi.

Kwa hiyo simama dukani au kwenye meza ya mitumba, kiinue kitambaa kuelekea angani, usikielekeze kwenye jua lenyewe, kisha ukivute kidogo kwa mikono miwili. Ukiona vitundu vya mwanga, au ukiona vidole vyako upande wa pili, kirudishe. Neti, lesi, shifoni na vitambaa vilivyofumwa kwa kroshia haviingii kabisa kwenye hesabu hii. Drili, khaki, jinzi na vitambaa vingine vilivyofumwa kwa kubana hufaulu kwa urahisi, na drili nyepesi iliyobana humkinga mtoto kuliko sweta nene la uzi uliolegea. Unene peke yake usikudanganye.

Usimtume shuleni na shati jeupe jepesi peke yake.

Najua ni sare, na najua wenzake wote wamelivaa. Lakini fanya hesabu pamoja nami.

Kinga ya kitambaa hupimwa kwa namba inayoitwa UPF. Kitambaa cha UPF 50 hupitisha sehemu moja tu kati ya 50 za mionzi inayokipiga. Kitambaa cha UPF 5 hupitisha sehemu moja kati ya tano. Fulana ya kawaida ya pamba nyeupe ikiwa kavu huwa karibu na 7, na ikilowa hushuka hadi karibu 3, kwa sababu maji yakijaa kati ya nyuzi, mionzi hupenya badala ya kutawanywa. Jicho lako linaweza kulithibitisha hilo: shati jeupe likilowa, ngozi huonekana. Mahali ambapo mwanga unapita kiasi hicho, urujuanimno nao unapita.

Sasa tuseme ngozi ya mtoto huanza kuwa nyekundu baada ya dakika 10 za jua la mchana bila nguo. Akivaa pamba nyeupe kavu yenye UPF 7, atafika hapo hapo baada ya dakika 70. Akicheza mpira mapumziko, jasho likalowesha mgongo na UPF ikawa 3, zinabaki dakika 30. Kutembea kutoka shule hadi nyumbani saa saba mchana kunaweza kuzimaliza zote, na mama atamkuta ameungua mabegani chini ya shati ambalo halikuvuliwa hata mara moja. Drili ya bluu iliyokolea yenye UPF 50, kwa hesabu hiyo hiyo, inafika dakika 500, yaani zaidi ya saa nane. Tena wekundu ni alama ya kuchelewa: ngozi huanza kuumia kabla haujaonekana, na madhara hayo hujumlishana mwaka hadi mwaka.

Kama shule haiwezi kubadili rangi ya shati, mvalishe ndani fulana ya mikono mirefu ya rangi iliyokolea. Safu mbili husaidiana kuliko watu wanavyodhani. Safu ya juu ikipitisha sehemu moja ya tano, na ya chini nayo ikipitisha sehemu moja ya tano ya kilichobaki, kinachofika kwenye ngozi ni takriban sehemu moja ya 25.

Chagua rangi iliyokolea, lakini baada ya kukagua ufumaji.

Vitambaa viwili vikiwa vya ufumaji mmoja na uzi mmoja, chenye rangi iliyokolea kitakinga zaidi, kwa sababu rangi nyingi za nguo humeza urujuanimno. Bluu ya bahari, nyeusi, kijani cha chupa na hata nyekundu kali hufanya kazi vizuri kuliko nyeupe na rangi za kupauka. Lakini kitambaa cheusi chenye matundu kinashindwa na drili nyeupe iliyobana. Anayechagua kwa rangi tu anaweza kurudi nyumbani na shifoni nyeusi isiyomkinga mtoto.

Pamba ina jambo lake. Ile ambayo haijapaushwa, kama marekani, bado ina vitu vya asili vinavyomeza sehemu ya mionzi, na ikipaushwa ikawa nyeupe pepe huvipoteza. Kwa hiyo usiloweke nguo za mtoto huyu kwenye dawa ya kung'arisha weupe. Unaondoa kinga kwa mkono wako mwenyewe, na uzi nao unadhoofika. Kwa upande mwingine, usiogope kufua nguo mpya ya pamba. Mifuo ya mwanzo huifanya ijikunje kidogo na matundu yakapungua. Polista, nayo, kwa maumbile ya uzi wake humeza vizuri mionzi inayounguza ngozi, na mchanganyiko wake na pamba hufaa sana kwa sare, mradi umepita mtihani wa mwanga.

Wazazi huniambia rangi iliyokolea itampikia mtoto joto. Itampa joto ikiwa imembana. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu kanzu nyeusi zinazovaliwa na Wabedui jangwani. Waliozivaa hawakupata joto zaidi mwilini kuliko waliovaa nyeupe, kwa kuwa joto lililoongezeka kwenye kitambaa lilipotea kabla halijafika kwenye ngozi. Kanzu hizo zilikuwa pana, na hapo ndipo penye funzo: shona pana, hewa ipite.

Usimvalishe nguo inayombana.

Kitambaa kinachovutwa hufungua matundu yake. Fulana iliyokuwa salama mezani haiwi salama ikitanuliwa mgongoni mwa mtoto aliyekua. Nunua saizi moja zaidi, na ukiona kitambaa kinang'aa au kimepauka kwenye mabega na viwiko, kipime tena kwenye mwanga, kwa maana kimechakaa hapo hasa jua linapopiga.

Fundi, imarisha mabega.

Kwetu jua la mchana liko karibu utosini. Halimpigi mtoto usoni moja kwa moja kama la jioni. Linashukia mabega, sehemu ya juu ya mgongo, ncha za masikio na pua. Mabegani ndipo pia shati hukaza kwa uzito wake na kwa mikanda ya begi la shule. Kata kipande cha mabegani kwa safu mbili za kitambaa, kishuke hadi katikati ya mabega kwa nyuma. Weka kola inayoweza kusimama ikafunika shingo, na mikono ifike kwenye kiganja, si kwenye kiwiko. Suruali au sketi ndefu badala ya kaptula. Kitambaa kinachoongezeka ni kidogo, na usikubali mteja akuambie ukiache ili abane bei.

Usimpe kapelo.

Kapelo hufunika paji la uso na kuacha masikio na shingo, mahali ambapo saratani hizi hupenda kuanzia. Anahitaji kofia ya pama yenye ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi kuzunguka kichwa chote, iliyofumwa kwa kubana. Kofia ya ukindu au ya mkeka uliolegea ijaribu juani kwanza: ukiona vidoa vya mwanga kwenye kivuli chake, vidoa hivyo vitakaa usoni mwa mtoto. Mwavuli uongezwe, lakini usichukue nafasi ya kofia wala ya mikono mirefu, kwa sababu mionzi hurudishwa na mchanga na maji na kutawanywa na anga lenyewe, ikamfikia kutoka pembeni.

Soma lebo, usiiabudu.

UPF 15 ni kinga ndogo kabisa inayokubalika kuandikwa, na 50+ ndiyo alama ya juu. Kwa mtoto mwenye ualbino tafuta 50+. Lebo ya kuaminika hutaja pia kiwango kilichotumika kupima, kama AS/NZS 4399 cha Australia na New Zealand, kilichotolewa kwanza mwaka 1996. Fahamu kwamba vipimo hivyo hufanywa kitambaa kikiwa kikavu na hakijavutwa. Shati la mtumba lenye lebo ya 50+ lililochakaa na kulegea si 50+ tena. Nguo isiyo na lebo nayo usiitupe: jinzi ya bluu iliyokolea hukinga kuliko nguo nyingi zenye lebo. Usichanganye UPF na SPF. Ya pili ni namba ya losheni.

Usilegeze siku ya mawingu. Wingu jepesi hupitisha sehemu kubwa ya urujuanimno huku likimwondolea mtoto joto ambalo lingemkimbiza kivulini. Popote kivuli chake kilipo kifupi kuliko yeye, nguo zote zivaliwe. Uso na viganja, ambavyo nguo haifiki, vipakwe losheni, kama ile ya Kilisun inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Walimu wakuu, mikono mirefu, suruali ndefu na kofia ya pama kwa mtoto huyu si utovu wa nidhamu. Mpeni ruhusa hiyo kwa maandishi kabla muhula haujafunguliwa, ili mwalimu wa zamu asimvue kofia mstarini.