Barua ya Mwalimu Mkuu kwa Mzazi

Somo letu la leo ni juu ya barua ambayo wengi wetu, tukiwa wazazi au wajumbe wa kamati za shule, tumepata kuiona. Msimu wa korosho unapoingia, huku Nachingwea na Ruangwa watoto huvutwa na kazi ya kuokota korosho, na madawati hubaki wazi. Ndipo mzazi huletewa maneno kama haya:

“Mwanao ni mtoro sugu na hana adabu. Hili ni onyo la mwisho. Usipomkanya atafukuzwa shule, nawe utafikishwa mahakamani.”

Tuipime barua hii. Ina tusi na ina tishio, lakini habari haimo. Mzazi hajui mtoto alikosa siku zipi, wala alimkosea nani. Tena tishio lenyewe ni kubwa kuliko uwezo wa mwandishi, kwa kuwa kumfukuza mwanafunzi si uamuzi wa mwalimu mkuu peke yake. Ni kweli kwamba Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Lakini anayetaja mahakama katika barua ya kwanza hana la kuongeza katika barua ya pili. Mzazi mwoga atampiga mtoto na shuleni asifike. Mzazi mkaidi atangoja aone kama kweli atashitakiwa.

Sasa tuiandike upya. Tuanze na daftari la mahudhurio, si hasira:

“Ndugu Mzazi, salaam. Kati ya tarehe 6 na 17 Oktoba mwanao wa darasa la 6 amekosa shule siku 4, Jumatatu na Ijumaa za wiki zote mbili. Tarehe 15 alipoulizwa sababu alimtukana mwalimu wa darasa. Hatulikubali jambo hilo, na itampasa aombe radhi. Tunajua huu ni wakati wa mavuno. Tunaomba kazi za shamba azifanye Jumamosi au baada ya masomo. Sisi tutamfundisha masomo aliyokosa kila Jumatano mchana. Tafadhali njoo Jumanne tarehe 21, saa 2 asubuhi, tusikie na upande wako. Kama siku hiyo haikufai, tuletee habari. Akikosa tena bila sababu, tutalipeleka shauri hili kwenye kamati ya shule, nawe utaitwa kusikilizwa.”

Angalieni kwamba ukali haukuondolewa. Kosa limetajwa kwa tarehe, na hatua inayofuata ni ile ambayo shule inaweza kuitimiza kweli. Shule nayo imebeba sehemu yake ya kazi.

Limebaki jambo moja. Mtoto akiwa analelewa na bibi asiyejua kusoma, msomaji wa barua ni mtoto yuyo huyo, naye atasoma yanayompendeza. Barua ya namna hiyo apewe mtu mzima aipeleke na kuisoma. Kisha amwombe bibi aeleze mambo matatu: mtoto amefanya nini, nyumbani watakiwa kufanya nini, na waende shuleni lini. Akiyaeleza yote, barua imefika.