Dawa ya Thairoidi Ikizidi, Mifupa Huliwa

Levothairoksini humezwa na mtu ambaye tezi yake ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, imeondolewa kwa upasuaji wa rovu, au imeacha kutoa homoni ya kutosha. Mara nyingi ni dawa ya maisha, na ikimezwa kwa dozi inayofaa haidhuru mifupa. Matatizo huanza dozi inapozidi na miaka ikapita bila mtu kupimwa. Hasikii maumivu yoyote. Siku moja anateleza uani, anajizuia kwa kiganja, na kifundo cha mkono kinavunjika. Mwingine huona kimo chake kimepungua na mgongo umeanza kupinda. Mtu wa Munje au Msambweni anayemeza dawa hii anaweza kujikinga kwa kujua namba moja ya maabara na kiwango ambacho namba hiyo inapaswa kuwamo.

Mfupa unavyopotea

Mfupa hujengwa upya maisha yote. Kuna seli zinazokula sehemu iliyochakaa, na nyingine hufuata nyuma zikijaza shimo lililobaki. Mzunguko mmoja huchukua siku 200 hivi. Homoni ya thairoidi ikizidi sana mwilini, mzunguko huo hufupika kwa karibu nusu. Seli zinazokula hufanya kazi haraka, zinazojaza hazipati muda wa kumaliza, na kila mzunguko huacha pengo dogo.

Mwanamke ambaye bado anapata hedhi hukingwa kwa kiasi na homoni ya estrojeni. Hedhi ikikoma kinga hiyo huondoka, na hapo ndipo dawa iliyozidi humuumiza zaidi. Wanaume wazee nao hawajasalimika.

Namba inayotoa habari mapema

TSH, yaani thairotropini, hutoka kwenye tezi ndogo ya pituitari chini ya ubongo. Ni kama msimamizi anayemwita mfanyakazi: kazi ikizorota hupaza sauti, kazi ikizidi hunyamaza. Kwa hiyo TSH ya juu maana yake homoni haitoshi, na TSH ya chini sana maana yake homoni imezidi.

Badiliko dogo la homoni katika damu huisogeza TSH kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana TSH inaweza kushuka kabisa huku kipimo cha homoni yenyewe, T4, kikionekana kiko sawa. Ukiambiwa T4 yako ni nzuri, uliza pia TSH ni ngapi. Maabara moja huandika mIU/L na nyingine µIU/mL, lakini namba ni ileile.

Katika eneo la Tayside, Uskoti, watafiti waliwafuatilia watu 17,684 wanaotumia dawa hii na kutoa matokeo mwaka 2010. Wale ambao TSH yao ilikuwa 0.03 au chini yake walivunjika mifupa zaidi ya wenye TSH ya kawaida. Wale waliokuwa kati ya 0.04 na 0.4 hawakuonekana kuvunjika zaidi. Kwa hiyo TSH ya 0.3 ni sababu ya kurekebisha dozi kwa utulivu. TSH ya 0.02 ni jambo la kushughulikiwa mapema, hasa kwa mama aliyekoma hedhi.

Kiwango cha nani?

Mtu mzima ambaye hana saratani ya thairoidi kwa kawaida hulenga TSH kati ya 0.4 na 4. Aliyepita miaka 70 anaweza kuachiwa ifike kati ya 4 na 6, kwa sababu TSH hupanda kidogo na umri, nao moyo na mifupa ya mzee havivumilii dawa iliyozidi.

Aliyetibiwa saratani ya thairoidi ana hesabu nyingine. Ikiwa hatari ya ugonjwa kurudi ni ndogo, mara nyingi hulengwa 0.5 hadi 2. Ikiwa ni kubwa, daktari anaweza kuishusha TSH chini ya 0.1 kwa makusudi. Huyo asipunguze dawa, ila aulize mifupa yake italindwaje na hali hiyo itaendelea hadi lini. Mjamzito naye ana viwango vyake, na kwa kawaida huhitaji dozi kubwa zaidi.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 62. Tezi yake yote iliondolewa kwa sababu ya rovu lisilo la saratani. Wakati huo alikuwa na kilo 70. Dozi kamili hukadiriwa kwa mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, kwa hiyo alihitaji kama 112, akaandikiwa 125. Miaka ikapita na sasa ana kilo 56. Hesabu ileile inatoa karibu 90, lakini bado anameza 125. Moyo unamdunda, usiku hapati usingizi, na jasho analilaumu joto la Pwani. TSH yake ni 0.03.

Daktari anamshusha hadi 100. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake hutoka kwa takriban wiki moja, kwa hiyo kupima baada ya siku chache hakuna maana. Anapimwa baada ya wiki nane: TSH ni 0.3. Sasa anapewa 100 kwa siku tano na 75 kwa siku mbili za wiki, jumla mikrogramu 650, wastani wa 93 hivi kwa siku. Wiki nane baadaye TSH ni 1.4, na hapo dozi inaachwa. TSH iliyokaa chini kwa muda mrefu inaweza kuchelewa kupanda, ndiyo maana daktari hutazama na T4.

Kinachopotosha namba

Chai ya maziwa, kahawa, vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu huzuia dawa isiingie vizuri mwilini. TSH hupanda na dozi huongezwa. Mtu akiacha vidonge hivyo baadaye, dozi ileile humzidi. Meza dawa kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na vidonge vya kalsiamu na vya damu vikae mbali nayo kwa saa nne. Mwezi wa Ramadhani unaweza kumeza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini navyo huweza kuonyesha TSH ya chini isiyo ya kweli. Viache siku mbili kabla ya kutolewa damu.

La kufanya kliniki

Dozi ikishatulia, pima TSH mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi ukipungua uzito sana au ukikoma hedhi. Ikiwa TSH imekaa chini ya 0.1 na umekoma hedhi, au umevunjika kwa kuanguka kidogo, uliza katika Hospitali ya Rufaa ya Msambweni utapata wapi kipimo cha uzito wa mifupa. Eksirei ya kawaida haitoshi, kwa sababu huonyesha upungufu mfupa ukiwa umeshapoteza sehemu kubwa. Dozi ikirekebishwa, sehemu ya mfupa uliopotea huweza kurudi, lakini si wote.

Usiache dawa wala kukata kidonge mwenyewe, maana upungufu wa homoni nao ni ugonjwa. Mwambie daktari akuandikie kwenye kadi vitu vitatu: dozi yako, TSH yako ya mwisho na kiwango mnacholenga. Kadi hiyo ionyeshe kila unapokwenda kuchukua dawa.