"Kupiga kula" na "mimi ni njaa": maswali kuhusu makosa ya anayejifunza Kiswahili

Kila msimu wa uchaguzi Tanzania humcheka mtu aliyesema jukwaani kwamba wananchi wajitokeze "kupiga kula". Kicheko huisha, lakini maswali hubaki. Kwa nini watu wa eneo moja hukosea kwa namna moja, na jirani zao hukosea kinyume chake? Haya ni baadhi ya maswali ambayo walimu wa Kiswahili, wazazi na wanafunzi huyauliza mara kwa mara, na yale ambayo isimu imeshayajua.

Ni uzembe wa kutamka?

Sivyo. Uzembe haufuati utaratibu. Leo ungemfanya mtu akosee hapa, kesho pale. Tazama kinachotokea hasa. Msukuma wa Shinyanga ambaye hajakaa sana na Kiswahili husema "balabala", "kalibu" na "aliludi". Mkurya wa Tarime, ambaye hayuko mbali sana naye, husema "chakura" na "kurara". Mmoja huipeleka r kwenye l, mwingine huipeleka l kwenye r, na kila mmoja hushikilia mwelekeo wake. Sababu iko nyumbani kwa kila mmoja: Kisukuma kina l na hakina r inayosimama peke yake kama sauti tofauti, na Kikurya ni kinyume chake. Kila mtu anatoa sauti aliyo nayo, ile iliyo karibu zaidi na ile asiyo nayo.

Kuna ushahidi mwingine mzuri, nao hautoki kwa wanafunzi kabisa. Kikuyu hakina l, hakina s wala z, na sauti zake za d na g hutamkwa kwa nguvu pale tu zinapotanguliwa na n. Sasa angalia maneno ambayo Kikuyu kilikopa zamani kutoka Kiswahili: gari ikawa ngari, debe ikawa ndebe, soko ikawa thoko, meza ikawa metha, shilingi ikawa ciringi (hiyo c hutamkwa kama sh). Hakuna anayesema Wakikuyu walikosea kuita gari ngari; hilo ni neno la Kikuyu sasa. Lakini kanuni iliyolitengeneza ndiyo hiyohiyo inayomfanya mzee wa Nyeri aseme "shai" anapotaka chai na "rakini" anapotaka kusema lakini. Mkopo wa lugha na kosa la mwanafunzi hutengenezwa kwa kanuni moja. Na Kiswahili chenyewe hakina haki ya kucheka. Waarabu walisema hukm, rizk na ilm, wakizifunga silabi kwa konsonanti mbili. Watu wa pwani, ambao lugha yao ilipenda silabi ziishie kwa irabu, wakasema hukumu, riziki na elimu.

Kwa nini mtu hasikii tofauti, hata akirudiwa mara kumi?

Kwa sababu tatizo huanzia sikioni. Utafiti maarufu juu ya jambo hili ulifanywa kwa watoto wachanga wa Japani na Marekani. Kijapani nacho hakitenganishi r na l. Patricia Kuhl na wenzake walichapisha mwaka 2006 matokeo yao: watoto wa miezi 6 hadi 8 wa nchi zote mbili waliweza kutofautisha r na l za Kiingereza kwa kiwango kinachofanana. Walipofika miezi 10 hadi 12, wa Marekani walikuwa wameongeza uwezo na wa Japani walikuwa wameupoteza kwa kiasi. Kabla mtoto hajatamka neno la kueleweka, sikio lake limeshajua ni tofauti zipi za sauti zina maana katika lugha ya nyumbani na zipi zinaweza kuachwa.

Ndiyo maana mwalimu anayepaza sauti na kurudia "Sema rrr!" mara nyingi hupoteza pumzi yake. Mwanafunzi anasikia sauti moja iliyopazwa.

Je, ni matamshi tu?

Hapana, na kwenye sarufi jambo hili linavutia zaidi. Chukua wageni wawili wanaojifunza Kiswahili Zanzibar, mmoja Mwingereza na mwingine Mfaransa, na uwaombe waseme kwamba wana njaa na kwamba wana umri wa miaka 30. Katika wiki za mwanzo Mwingereza ana uwezekano mkubwa wa kusema "mimi ni njaa" na "mimi ni miaka 30". Mfaransa husema "nina njaa" na "nina miaka 30" bila taabu. Usimsifu sana. Kwao mtu *ana* njaa na *ana* miaka, kama kwetu. Kwa Waingereza mtu *ni* mwenye hali fulani, na kitenzi hichohicho hutumika kwa njaa, kwa umri, kwa kazi na kwa mahali.

Kisha waulize wako wapi. Hapo wote wawili huteleza: "mimi ni hotelini." Si Kiingereza wala Kifaransa kinachotenganisha kuwa kitu fulani na kuwa mahali fulani kama Kiswahili kinavyotenganisha *ni* na *-ko*. Mahali ambapo lugha ya mama ina chombo kimoja na lugha mpya ina viwili au vitatu ndipo penye ugumu mkubwa. Kinyume chake, kupunguza vyombo, ni rahisi zaidi.

Mfaransa na "nina njaa" yake anatukumbusha jambo linalosahaulika. Lugha ya mama husaidia kimyakimya mara nyingi kuliko inavyoharibu. Mganda au Mnyarwanda anayeanza Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa nini nomino ina ngeli au kwa nini kitenzi hubeba kiambishi cha mtendaji, amezaliwa navyo. Hatumwoni akikosea, kwa hiyo hatuoni alichosaidiwa.

Kwa hiyo kila kosa linatoka lugha ya mama?

Walimu wengi wa katikati ya karne iliyopita waliamini karibu hivyo. Mwaka 1957 Robert Lado aliandika kwamba ukizilinganisha lugha mbili utatabiri pa kukosea. Utabiri ulifaulu kwa sehemu, na kwenye sauti zaidi kuliko kwingine. Baadaye S. Pit Corder, mwaka 1967, alitenganisha kuteleza kwa ulimi, ambako hata mwenye lugha huteleza na kujirekebisha, na kosa lenye mfumo, ambalo mwanafunzi hajui kwamba ni kosa. Larry Selinker, mwaka 1972, akasema kwamba mwanafunzi ana lugha yake kamili iliyo katikati, yenye kanuni zake, ambayo si lugha ya mama wala lugha anayoiendea. Tuiite lugha ya kati.

Mfano wa kosa lisilotoka nyumbani ni "kiatu yangu imepotea". Mjaluo hulisema, na ni rahisi kuilaumu Dholuo kwa sababu haina upatanisho wa ngeli. Lakini Mkikuyu pia hulisema, na lugha yake ina ngeli tele. Mhindi mwenye duka hulisema, na watoto wa Nairobi waliokulia kwenye Kiswahili cha mtaani hulisema. Kosa linalofanywa na kila mtu halina kabila. Hapa mjifunzaji amechagua upatanisho mmoja wa i- na ya- na kuutumia kwa vitu vyote visivyo watu, njia fupi ambayo akili hupenda.

Mwaka 2000 Scott Jarvis alipendekeza vipimo vinavyotusaidia kuamua. Je, wenye lugha moja ya mama hukosea kwa kufanana? Je, wenye lugha nyingine hukosea tofauti nao? Je, kinachofanyika katika lugha mpya kinalingana na kinachofanyika katika lugha ya mama? "Mimi ni njaa" hufaulu vipimo vyote vitatu. "Kiatu yangu" huanguka kwenye cha pili.

Mwalimu atajuaje mwanafunzi amefika wapi?

Kwa imla fupi. Tuseme mwalimu wa Simiyu amesoma sentensi hii: *Baba alirudi mahali palepale kulipa mahari.* Maneno mahali na mahari yamewekwa kwa makusudi, kwa kuwa r na l pekee ndizo zinazoyatenganisha.

Mwanafunzi wa kwanza anaandika: "Baba aliludi mahali palepale kulipa mahali." Kila r imekuwa l, na hakuna l iliyoguswa. Huyu bado yuko kwenye uhamisho mtupu. Kwake sauti ni moja.

Wa pili anaandika: "Baba arirudi mahari parepare kuripa mahari." Ukihesabu makosa, huyu anaonekana mbaya zaidi: wa kwanza alikosea mawili, yeye matano. Lakini wa pili yuko mbele. Ameshajua kwamba kuna r duniani, ameonywa kwamba kwao watu huikosa, na sasa anaiweka hata mahali pasipo pake. Kiswahili cha Usukumani hakina "kuripa". Hakuna lugha iliyomfundisha neno hilo. Amelitunga kwa kanuni yake mwenyewe, na hiyo ndiyo lugha ya kati aliyoizungumzia Selinker, imeonekana kwa wino.

Wa tatu anachanganya: r sahihi kwenye "alirudi", kosa kwenye "mahari". Mara nyingi huyu anajifunza neno kwa neno. Maneno anayoyaona kila siku yameshanyooka, yale adimu bado.

Akitoa alama kwa kuhesabu makosa tu, mwalimu atampa wa kwanza alama nyingi kuliko wa pili, na atamrudisha nyuma yule aliyekuwa anasonga.

Je, mtu mzima anaweza kurekebika?

Kwa sehemu kubwa, ingawa Selinker alionya kwamba baadhi ya makosa huganda na kubaki hata kwa mtu aliyekaa na lugha miaka mingi. Huganda zaidi yale yasiyozuia kueleweka. Anayesema "kalibu nyumbani" hueleweka vilevile, basi hakuna kinachomsukuma abadilike.

Kwenye r na l tuna bahati, kwa kuwa Wajapani wanaojifunza Kiingereza wamechunguzwa sana. Mwaka 1991 Logan, Lively na Pisoni waliwasikilizisha watu wazima wa Japani jozi za maneno yanayotofautiana kwa r na l tu. Sauti zilikuwa za wasemaji mbalimbali, na baada ya kila jibu mtu aliambiwa papo hapo kama amepata au amekosa. Baada ya wiki chache walisikia vizuri zaidi. Wenzao waliofanya utafiti kama huo mwaka 1997 wakagundua la ziada: waliozoezwa kusikiliza tu, bila kufundishwa kutamka, walianza pia kutamka vizuri zaidi.

Darasani zoezi hilo halihitaji mashine. Andika *kura* na *kula* kwenye kadi mbili, *mahari* na *mahali* kwenye nyingine mbili. Mwalimu anatamka, mwanafunzi anainua kadi, anaambiwa hapohapo. Kisha mwite mwalimu mwingine atamke, na baadaye mwanafunzi wa Pangani au Unguja, kwa sababu sikio lililozoea sauti ya mtu mmoja hujifunza mtu huyo badala ya r. Kutamka kusubiri mpaka kadi zianze kuinuliwa bila kusitasita.