Kuomba umeme katika nyumba mpya: maswali na majibu kuhusu nguzo, waya na mita

Nyumba ikishaezekwa na kupigwa lipu, mwenye nyumba wa Tanzania Bara huelekea Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) kuomba kuunganishiwa umeme, na mara nyingi hufika huko akiwa amekwisha kuamua, pasipo kujua, jambo linalobeba gharama kubwa kuliko mengine yote: mahali mita itakapokaa. Majibu yafuatayo yameandaliwa kwa ajili ya mwenye nyumba ya kawaida ya kuishi, anayehitaji umeme wa njia moja, yaani ule unaofika nyumbani kwa waya mbili ukiwa na msukumo wa volti 230.

Maombi yaanze lini: kabla ya wayaringi au baada yake?

Fomu ya maombi hukamilika baada ya wayaringi, yaani utandazaji wa nyaya ndani ya nyumba, kufanywa na kuthibitishwa na mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Maombi yenyewe hutumwa kwa njia ya mtandao kupitia mfumo uitwao NIKONEKT, ambao humtambua mwombaji kwa namba ya kitambulisho cha Taifa inayotolewa na NIDA, au hupelekwa katika ofisi ya shirika ya wilaya. Hata hivyo, mazungumzo kuhusu umeme yanapaswa kuanza mapema zaidi, wakati kuta zinapoinuliwa, kwa kuwa fundi akishazika mabomba ya nyaya ukutani na kuweka bodi ya swichi, yaani kisanduku chenye swichi kuu na vikata umeme vya kila sehemu ya nyumba, kuhamisha bodi hiyo kunadai kuvunja ukuta na kununua nyaya upya. Inafaa mwenye nyumba asimame na fundi wake kiwanjani, watazame nguzo iliyo karibu, na waamue waya utaingilia upande gani kabla ya bomba la kwanza kuzikwa.

Kwa nini umbali kutoka kwenye nguzo una uzito mkubwa kiasi hicho?

Sababu ni mbili, moja ya bei na nyingine ya umeme wenyewe. Kwa upande wa bei, viwango vilivyorejeshwa Januari 2022 kwa maeneo ya mijini vilimweka mteja wa njia moja katika mojawapo ya makundi matatu: asiyehitaji nguzo, ambaye nyumba yake iko ndani ya meta 30 kutoka kwenye nguzo iliyopo, Sh 320,960, anayehitaji nguzo moja, Sh 515,618, na anayehitaji nguzo mbili, Sh 696,670, kodi ya ongezeko la thamani ikiwa ndani yake. Katika vijiji kiwango kilibaki Sh 27,000, kwa kuwa Serikali hubeba sehemu kubwa ya gharama kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Kwa hiyo mwombaji wa mjini anayevuka meta 30 hata kwa hatua chache huingia katika kundi la bei ya juu, kwani bei haipandi meta kwa meta bali hupanda kwa nguzo.

Kwa upande wa umeme, kila waya una ukinzani, yaani hali ya kuzuia umeme usipite kwa wepesi, na ukinzani huo huongezeka kadiri waya unavyorefuka, hivyo msukumo unaoondoka kwenye nguzo ukiwa volti 230 hufika nyumbani ukiwa umepungua. Waya wa aluminiamu wenye unene wa milimita mraba 16 una ukinzani wa takribani omu 1.9 kwa kila kilometa. Nyumba iliyo meta 30 kutoka kwenye nguzo hutumia meta 60 za waya huo, kwa sababu umeme huenda na kurudi, na inapovuta ampea 30, kiasi kinachoweza kufikiwa jiko la umeme na hita ya maji vikiwaka pamoja, hupoteza volti 3 na ushee tu. Umbali huo ukifika meta 110 upungufu hukaribia volti 13, na huo ni upungufu wa waya wa kuingilia peke yake, bila kuhesabu kile kilichokwisha kupotea njiani kutoka kwenye transfoma. Nguzo mpya, basi, haisimamishwi kwa ajili ya kubeba waya tu, bali pia husogeza njia kuu yenye waya mnene karibu na nyumba.

Je, upo mfano unaoonyesha jinsi uamuzi huo unavyofanyika?

Ichukuliwe nyumba ya vyumba vitatu iliyojengwa pembezoni mwa mji wa Dodoma, ambayo nguzo ya karibu imesimama kwenye kona ya barabara. Kutoka nguzo hiyo hadi kona ya baraza ya mbele ni meta 26, lakini hadi ukuta wa jikoni ulio nyuma ni meta 41. Fundi, kwa kuwa jiko na pampu ya maji viko nyuma, amependekeza mita na bodi ya swichi viwekwe kwenye ukuta wa jikoni. Mpimaji wa shirika akifika na kukuta kwamba waya unatakiwa kusafiri meta 41, atapendekeza nguzo moja, na ankara itakuwa Sh 515,618.

Mita ikiwekwa kwenye kona ya baraza, waya wa shirika utakuwa wa meta 26 na ankara itakuwa Sh 320,960, yaani pungufu ya Sh 194,658. Bodi ya swichi inaweza kubaki nyuma jikoni, ilimradi mkandarasi avute kebo nene kutoka kwenye mita hadi kwenye bodi hiyo, kwa mfano ya shaba ya milimita mraba 10, na aweke swichi kuu karibu na mita. Kebo hiyo ya meta 15 au zaidi kidogo ni gharama ya mwenye nyumba, na bei yake iulizwe dukani kabla ya kuamua, kwa kuwa akiba halisi ni tofauti ya ankara baada ya kutoa kebo na ufundi. Umbali upimwe kwa futi kamba kwa kufuata njia ambayo waya utapita kweli, maana mstari ulionyooka ukikatiza juu ya paa la jirani au ndani ya kiwanja chake hautakubaliwa bila ridhaa yake, na njia ya kuzunguka inaweza kuvuka meta 30.

Mkaguzi hutazama nini ndani ya nyumba?

Kinachoikwamisha nyumba mara nyingi ni arthi, yaani waya unaounganisha masanduku ya chuma, soketi na vyombo na fito ya chuma iliyogongomelewa ardhini, ili umeme ukivuja upate njia ya kwenda ardhini na kikata umeme kifyatuke kabla mtu hajashika chombo hicho. Katika ardhi kavu yenye changarawe fito fupi haitoshi, nayo huhitaji kuzamishwa zaidi au kuongezewa nyingine, jambo ambalo mafundi wengine hulikwepa kwa kukata fito na kuacha kipande tu kikionekana juu ya udongo. Mwenye nyumba awepo fito inapogongomelewa, kwa kuwa baada ya siku hiyo hakuna awezaye kuujua urefu wake kwa kuitazama.

Kipimo cha pili ni cha uzima wa nyaya. Taa na vyombo vyote huondolewa, kisha kifaa cha kupimia husukuma volti 500 kati ya waya wa moto na arthi. Ukinzani ukiwa chini ya megaomu 1, pana mahali ambapo ganda la waya limechubuka, pengine lilipovutwa kwa nguvu kwenye kona ya bomba, au maji ya lipu yameingia kwenye kisanduku cha maungio. Kipimo hiki huchukua dakika chache, na mkandarasi anayetia saini fomu bila kukifanya anamkabidhi mteja hatari ambayo haionekani kwa macho.

Je, yafaa kuvuta umeme kwa jirani wakati maombi yanasubiriwa?

Haifai, hata pale jirani anapokubali kwa moyo mweupe. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 uliolazwa meta 60 juu ya uzio una ukinzani unaokaribia omu 0.9 kwa kwenda na kurudi. Pasi na pampu zikivuta ampea 12, karibu volti 11 hupotea, na wati zipatazo 128 hugeuka joto ndani ya waya wenyewe. Jirani naye, kama yumo katika daraja la D1 la wateja wadogo wa nyumbani, ambalo bei yake nafuu huishia kwenye uniti 75 kwa mwezi, atavuka kiwango hicho kwa sababu ya matumizi yasiyo yake na kulipa bei ya juu. Licha ya hayo, kuuza au kugawa umeme nje ya mita yako ni kinyume cha masharti ya shirika.

Malipo hufanyika vipi, na kishoka hutambulikaje?

Ankara hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kupitia benki au simu, na jina la shirika huonekana kabla ya kuthibitisha. Mtu yeyote anayedai fedha taslimu, hata akiwa amevaa fulana ya kazi, na hata akiahidi kuiharakisha nguzo, achukuliwe kuwa ni kishoka. Nguzo iliyolipiwa na mteja hubaki mali ya shirika, kwa hiyo mwenye nyumba hana haki ya kumzuia jirani asiunganishwe kutoka kwenye nguzo hiyo.

Siku mita inapofungwa, mwenye nyumba akague nini kabla mafundi hawajaondoka?

Namba ya mita ya LUKU (Lipa Umeme Kadri Utumiavyo) ilinganishwe na ile iliyosajiliwa kwa jina lake, kwa kuwa ikitofautiana hata kwa tarakimu moja, umeme atakaoununua hautaingia. Katika ununuzi wa kwanza asishangae uniti kuwa chache: juu ya bei ya umeme huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo pia hukusanywa humo.

Kisha atwae testa na kuijaribu katika kila soketi. Tundu la arthi likiwa juu, testa inapaswa kuwaka katika tundu la kulia. Ikiwaka katika la kushoto, nyaya zimegeuzwa, na kama kosa hilo linaanzia kwenye bodi, hata taa iliyozimwa kwa swichi hubaki na umeme kwenye kishikio chake, hivyo anayebadilisha balbu anaweza kunaswa. Kosa hilo lirekebishwe na mkandarasi aliyetia saini fomu, siku hiyo hiyo, kwa sababu kila kilichoko baada ya mita ni jukumu la mwenye nyumba na mkandarasi wake, wala si la shirika.