"Kwani Mwalimu Aliiba Nini?": Kutafsiri Hotuba ya Kuaga

Wiki ya mwisho ya mazoezi ya kufundisha, mwalimu mkuu aliniita ofisini akanipa karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa anatimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, na hotuba yake ya kuaga ingesikilizwa pia na wageni wawili wanaojua Kiingereza tu. "Wewe si wa chuo? Tafsiri."

Nilimaliza usiku huohuo. Nikampa mwenzangu wa chumba asome Kiingereza peke yake, bila kuona Kiswahili. Alipofika mwisho akauliza: "Kwani huyu mwalimu aliiba nini?"

Kilichomshtua ni sentensi hii: "Kama yupo niliyemkosea, kwa kujua au kutojua, naomba anisamehe." Sisi tumeizoea kwa kila anayeaga, hata anayehama mkoa tu. Ni adabu ya kuondoka. Lakini mimi nilikuwa nimeiweka kwa maneno ya mtu anayekiri kosa mbele ya hakimu! Nikataka kuifuta, ila nikakumbuka kwamba watu wangeitikia "Tumekusamehe!" na wageni wangebaki wakitazamana. Basi nikaiacha, nikatanguliza maneno machache: kwetu anayeondoka huomba msamaha kwa wote, nami naomba. Hayo hayakuwa maneno yake, kwa hiyo asubuhi nikamfuata kuomba ruhusa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hebu nisomee yote."

Akakubali nyongeza yangu, lakini akanisimamisha kwingine. Alikuwa ameandika: "Siku ya kwanza mwenzangu alinipokea, akanipa nusu ya chaki zake." Ile "a-" yetu haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinakulazimisha uchague, nami nilichagua mwanamume bila hata kujua kwamba nimechagua. "Yule ni mama," akasema, "na kesho atakaa mstari wa mbele."

Tukachukua penseli, tukazungushia kila "a-" inayomhusu mtu. Zilikuwa saba, na nilikuwa nimepatia tatu. Pia "mwanangu aliyesomea udaktari" kumbe alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Hapo nikaandika mwanafunzi, yeye akakataa. Tukakubaliana: "mwanafunzi wangu, ambaye namwita mwanangu."

Siku yenyewe alisoma aya moja, akanyamaza, nami nikasoma yangu. Kwa mtindo huo dakika kumi zikawa ishirini, ndiyo maana tulikuwa tumeshapunguza salamu za itifaki. Kwenye msamaha, ukumbi uliitikia kwa sauti kubwa. Nikangoja kelele zitulie ndipo nikatafsiri. Mgeni mmoja akainuka nusu kwenye kiti, akajibu kwa Kiingereza kwamba naye amemsamehe. Watu wakageuka kunitazama, nikamtafsiria Mwalimu. Akacheka huku anafuta macho kwa kitenge.