Maswali Yaleyale Mlangoni pa Mhasibu: Mafunzo Niliyopata

Nimekaa dawati la uhasibu miaka mingi, na kinachokula muda kuliko vitabu vyenyewe ni "samahani, swali dogo tu." Unafanya usuluhishi wa benki, unakatizwa, ukirudi unaanza kusaka tena ulipoishia. Ndipo tulipoanza kuandika majibu yetu kwenye waraka mmoja ambao kila mfanyakazi anaufungua kwenye simu.

1. Andika swali kwa maneno ya muulizaji. Mhasibu angeweka kichwa "Utaratibu wa Marejesho ya Masurufu", lakini dereva aliyerudi safari hatafuti hivyo. Yeye anauliza: "Risiti ya mafuta imefutika, nifanyeje?" Basi hicho ndicho kichwa. Kwa wiki kadhaa niliweka daftari mezani na kunakili kila swali lilivyosemwa. Lililojirudia mara tatu ndilo lililoandikiwa jibu.

2. Jibu likae mstari wa kwanza, sababu zifuate. Kwa risiti ile tuliandika: "Usiitupe. Ikiwa namba ya uhakiki iliyo chini yake na saa ya kutolewa bado zinasomeka, ziingize kwenye verify.tra.go.tz, kisha chapa ukurasa utakaotokea na uuambatishe." Baada ya hapo ndipo tukaeleza kwamba karatasi ya mashine ya EFD huchapwa kwa joto, kwa hiyo ikiachwa juu ya dashibodi juani maandishi hupotea; ipige picha papo hapo kituoni. Mwisho kuna mpaka: namba ikiwa haisomeki kabisa, rudi kwa muuzaji akupe nakala, na akishindwa, njoo ofisini. Mstari huo wa mwisho usiukose, maana bila huo mtu mwenye tatizo la kweli huzunguka bila kujua pa kwenda.

3. Anayekuja baada ya kusoma anakuonyesha ukurasa ulipopungukiwa. Ukurasa wa masurufu ulisema yarejeshwe "ndani ya siku 14." Watu waliendelea kuja: zinahesabiwa tangu nipokee fedha au tangu nirudi? Tuliongeza maneno "tangu siku ya kurudi kituoni", na mfano: ukirudi tarehe 3, mwisho ni tarehe 17. Swali hilo sijalisikia tena. Kwa asiyesoma kabisa, mtumie kiungo cha ukurasa huo kwa upole, usimsimulie jibu upya.

4. Kila ukurasa uwe na mwenyewe na tarehe ya kuhakikiwa. Viwango vya kodi hubadilika na Sheria ya Fedha, ambayo kwa kawaida huanza kutumika Julai 1, kwa hiyo kurasa zote zinazotaja asilimia tunazipitia wakati huo. Ukurasa ambao haujahakikiwa tunauondoa, hata kama watu watarudi mlangoni kwa muda. Afadhali wanikatize kuliko mzabuni akatwe kodi ya zuio kwa kiwango cha mwaka jana.